Faida Sifuri: Kwa Nini Mashine ya Kusaga Haifungwi?

Kila anayesoma Uchumi hufika kwenye mada ya ushindani kamili na kukuta hitimisho linalomshangaza: katika muda mrefu, kampuni iliyomo kwenye soko la ushindani hupata faida sifuri. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani, lakini moyoni haiamini, kwa sababu mtaani kwao kuna mashine za kusaga, vinyozi na maduka yanayofunguliwa kila asubuhi mwaka baada ya mwaka. Mfanyabiashara akiisikia huona kwamba wasomi hawajawahi kuuza kitu. Mwalimu naye mara nyingi hujibu kwa haraka kwamba "faida ya kawaida imo ndani ya gharama", na jibu hilo ni sahihi, ila humwacha msikilizaji palepale alipokuwa.

Maswali yaliyofichwa hapo ni matatu, na yanafaa kujibiwa moja baada ya jingine. Sifuri hiyo inahesabiwaje? Kama kweli ni sifuri, kwa nini mtu abaki badala ya kuondoka? Na je, hesabu hiyo inafaa katika uchumi ambao watu wengi hawana kazi nyingine ya kukimbilia? Hapa yatapimwa kwa biashara moja, mashine ya kusaga nafaka, kwa kuwa ina karibu kila kinachohitajika: mitaji midogo, wauzaji wengi, huduma inayofanana, na mteja anayeweza kubeba debe lake hadi kwa jirani akiona ametozwa zaidi.

Sifuri inahesabiwaje?

Tuchukulie mama mmoja ana mashine ya kusaga katika mtaa wa Dodoma. Takwimu zote zinazofuata ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Anasaga debe 1,000 kwa mwezi na kutoza shilingi 1,400 kwa debe, hivyo anaingiza shilingi 1,400,000.

Kwanza yanatoka malipo yanayoonekana. Umeme wa luku ni shilingi 300 kwa debe, yaani 300,000 kwa mwezi. Chekeche, vipigio, mikanda na beringi vinavyokwisha humla shilingi 100 kwa debe, yaani 100,000. Kijana anayemsaidia analipwa 250,000. Leseni, ulinzi na ushuru ni 80,000. Mashine na mota pamoja na kuunganishiwa umeme vilimgharimu milioni 12, na vinatarajiwa kudumu miaka 10, kwa hiyo uchakavu ni 100,000 kwa mwezi. Jumla ni 830,000. Kinachobaki ni shilingi 570,000, na mhasibu ataandika kwamba hiyo ndiyo faida.

Mchumi hasimami hapo. Anauliza mama huyu ameweka nini ndani ya biashara ambacho hakukitolea risiti. Ameweka siku zake: tuseme angeweza kusimamia mashine ya mtu mwingine kwa mshahara wa 350,000. Ameweka fremu yake mwenyewe, ambayo mpangaji angeilipia 100,000. Ameweka akiba ya milioni 12, ambayo kama angeinunulia hati fungani za serikali zenye riba ya asilimia 12 ingemletea 1,440,000 kwa mwaka, yaani 120,000 kwa mwezi. Jumla ya vyote vitatu ni 570,000. Ukiitoa kwenye ile faida ya mhasibu, inabaki sifuri.

Mama huyu hajatoka mikono mitupu. Amelipwa mshahara wa meneja, kodi ya mwenye nyumba na riba ya mwenye mtaji, vyote kwa kiwango ambacho angekipata mahali pengine. Anachokosa ni ziada juu ya hapo. Gharama ya fursa, kwa maneno mengine, ni kile kilicho bora zaidi kati ya vyote ulivyoviacha ili kufanya hili unalolifanya.

Uzito wa hesabu hii unaonekana tukiweka mashine mbili nyingine kando ya ile ya kwanza, zinazofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa umiliki. Mwenye mashine ya pili amekopa milioni zake 12 kwa riba hiyohiyo ya asilimia 12 na amepanga fremu. Vitabu vyake vinaonyesha faida ya 350,000 tu. Mwenye ya tatu amekopa, amepanga, na ameajiri msimamizi kwa 350,000; vitabu vyake vinaonyesha sifuri. Mashine ni zilezile, umeme ni uleule na debe ni zilezile, lakini wahasibu watatu watatoa majibu matatu. Mchumi anatoa jibu moja kwa zote. Ndiyo maana anasisitiza kipimo chake, kwa sababu swali lake ni kama usagaji wenyewe unalipa, bila kujali nani anamiliki nini.

Bei inafikaje hapo?

Sifuri hii haipangwi na mtu. Tuseme mwanzoni mtaa una mashine chache na bei ni 1,700 kwa debe. Kila mwenye mashine anapata ziada ya 300,000 kwa mwezi juu ya malipo yake yote. Fundi anayezifunga mashine anajua, muuza vipuri anajua, na mwenye fremu tupu anajua. Baada ya muda mashine nyingine mpya zinafungwa, na ili zipate wateja bei inashuka. Uingiaji unakoma bei ikifika 1,400, kwa kuwa anayefikiria kuingia anaona kwamba akiacha kazi yake na kuondoa akiba yake hatapata zaidi ya alichonacho.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Mtaani bei ya kusaga mara nyingi huwa ya mazoea. Wenye mashine hawapendi kuishusha. Basi ushindani hupitia mlango mwingine: bei inabaki 1,700, lakini debe zinagawanyika. Katika mfano wetu gharama zisizotegemea idadi ya debe, pamoja na mshahara wa mwenyewe, fremu na mtaji, ni 1,000,000 kwa mwezi, na kila debe lina gharama ya 400. Kwa bei ya 1,700, kila debe linaacha 1,300, hivyo mashine inahitaji debe takriban 770 ili kufika sifuri. Matokeo kwa mwenye mashine ni yaleyale, lakini kwa mtaa si yaleyale: mashine nyingi zimekaa bure sehemu ya siku, na mteja analipa zaidi. Edward Chamberlin alieleza hali ya namna hii mwaka 1933, na kwa maoni ya mwandishi huyu inazielezea biashara ndogo za mitaani vizuri kuliko ushindani kamili wenyewe. Dalili yake ni nyepesi kuiona. Ukikuta mashine nne katika mtaa mmoja zikitoza bei ileile na wasagaji wamekaa nje wakisubiri wateja mchana kutwa, sifuri imefikiwa kwa njia ya uvivu wa mashine, si kwa unafuu wa bei.

Kama ni sifuri, kwa nini asiondoke?

Hili ndilo swali gumu. Kama kubaki na kuondoka kunampa mama yule kiasi kilekile, kwa nini tuseme atabaki?

Jibu la kwanza ni kwamba kuondoka kuna gharama zake. Kutafuta kazi ya usimamizi kunachukua muda, mpangaji wa fremu hapatikani siku ileile, na mashine iliyotumika haiuzwi kwa bei iliyonunuliwa. Anayeondoka mahali anapolipwa sawasawa ili aende mahali atakapolipwa sawasawa amepoteza njiani.

Jibu la pili ni la msingi zaidi. Sifuri ni hali ya idadi fulani ya mashine. Tuseme baadhi ya wenye mashine wamechoka na wakafunga. Debe zao zinahamia kwa waliobaki, foleni zinarefuka, na bei inaweza kupanda hadi 1,500. Hapo waliobaki wanapata ziada ya kutosha kumfanya mtu mwingine afunge mashine mpya. Kwa hiyo hatuhitaji kujua kwa nini mama huyu hasa amebaki. Tunachojua ni kwamba kwa bei ya 1,400 idadi ya mashine inayotosheleza mtaa itakuwepo, na mmoja akitoka nafasi yake ina malipo kamili yanayomngoja mwingine.

Jibu la tatu linahusu bei ikishuka chini ya ile ya faida sifuri, na ndipo vitu vingi vinapochanganywa. Tuseme bei imeanguka hadi 1,300. Mama yetu sasa ana hasara ya kiuchumi ya 100,000 kwa mwezi, ingawa vitabu vyake vinaonyesha faida ya 470,000. Je, afunge? Inategemea mashine ingeuzwa kwa kiasi gani leo. Tuseme ni milioni 4 tu. Milioni 8 nyingine zimekwishazama; afunge asifunge, hazirudi. Mtaji anaouzuia kwa kuendelea ni milioni 4, wenye riba ya 40,000 kwa mwezi. Uchakavu nao si tena 100,000, bali ni ile thamani ya kuuzia inayopungua kila mwezi, tuseme 30,000. Gharama anazoweza kuziepuka kwa kufunga leo ni hizi: umeme, vipuri, msaidizi na ada, jumla 730,000, mshahara wake mbadala 350,000, kodi ya fremu 100,000, na hizo 70,000 za mashine. Jumla ni 1,250,000. Kwa bei ya 1,300 anaingiza 1,300,000, hivyo kuendelea kunamzidishia 50,000.

Atasaga basi, kwa hasara, na ni uamuzi wa akili timamu. Lakini siku mashine yote itakapokufa na fundi kusema haifai, hesabu inarudi kwenye milioni 12 mpya, na kwa bei ya 1,300 milioni 12 mpya hazilipi. Hatanunua nyingine. Ndivyo biashara za namna hii zinavyokufa: mashine zinaisha moja baada ya nyingine na hakuna anayezirudishia. Anayetaka kujua kama biashara ya kusaga katika eneo iko juu au chini ya sifuri asihesabu mashine zinazonguruma. Atazame zilizoharibika zinafanywa nini. Zikibadilishwa kwa mpya, bei inalipa. Vikiunganishwa vipande vya mashine mbili mbovu kupata moja nzima, hailipi.

Misimamo inayopingana

Mtazamo uliotumika hadi sasa una mizizi kwa Alfred Marshall, ambaye katika kitabu chake kikuu cha 1890 aliingiza malipo ya usimamizi na ya mtaji ndani ya bei ambayo lazima ilipwe ili bidhaa iendelee kupatikana. Nguvu ya mtazamo huu ni kwamba unatabiri mwendo wa watu: wanaingia ziada ikiwepo, wanatoka upungufu ukiwepo. Udhaifu wake ni kwamba nusu ya hesabu hufanywa kwa kukisia. Hakuna risiti ya kazi ambayo hukuifanya. Mtu anaweza kukisia mshahara wake mbadala kuwa 350,000 au 500,000, na kwa kukisia huko akahama kutoka sifuri hadi hasara bila kitu chochote kubadilika mtaani.

Mhasibu anasimama hapohapo penye udhaifu huo. Anataka kinachothibitika. Mamlaka ya kodi haitakubali mmiliki apunguze faida yake kwa mshahara ambao angelipwa kwingine, wala kwa riba ya hati fungani ambazo hakuzinunua, na ina haki, kwa sababu kila mtu angejitajia mshahara wa waziri. Benki pia hutaka kujua kama fedha za rejesho zipo. Kwa kazi hizo faida ya kihasibu ndiyo inayofaa. Kasoro inaanza pale mfanyabiashara anapoitumia kujibu swali la kama abaki. Mwenye mashine anayetoza 1,150 anaona faida ya 320,000 katika vitabu vyake na kushukuru, wakati ameacha mshahara wa 350,000 na kodi ya 100,000 kwa ajili yake. Watu wengi zaidi hudhurika na kosa hili kuliko wanaodhurika na nadharia ya faida sifuri.

Kuna wanaosema kwamba hali ya sifuri yenyewe haidumu. Joseph Schumpeter, katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1911, aliona faida kuwa malipo ya anayeleta jambo jipya, na kwamba hutoweka wengine wakishaiga. Frank Knight, mwaka 1921, alitenganisha hatari inayoweza kukadiriwa, ambayo huwa gharama kama gharama nyingine, na mashaka yasiyoweza kukadiriwa, ambamo faida na hasara za kweli huzaliwa. Mawazo haya yanasaidia sana kwenye mashine yetu. Baada ya mavuno, kaya zina mahindi yao na foleni ni ndefu. Miezi ya upungufu, watu hununua unga dukani kwa kilo na mashine inanyamaza. Sifuri, basi, ni wastani wa misimu, na mtu akipima mwezi mmoja peke yake atapotoka. Na yule wa kwanza kuongeza mashine ya kukoboa atapata ziada kwa muda, hadi jirani naye aongeze. Kasoro ya msimamo huu ni kwamba unaeleza vizuri kwa nini watu huingia, lakini haujibu kwa nini waliokwisha kuingia hubaki ziada ikiisha. Kwa hilo bado tunamhitaji Marshall.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Aleksandr Chayanov, aliyechunguza kaya za wakulima wa Urusi na kuchapisha kazi yake kuu mwaka 1925. Alionyesha kwamba familia inayofanya kazi shambani kwake haijilipi mshahara, wala haihesabu kama mwajiri. Inaongeza kazi hadi uchovu uzidi haja. Ukilileta pingamizi hilo mtaani kwetu, swali linakuwa kali: mshahara mbadala wa 350,000 uko wapi? Kama mama yule hana ajira inayomngoja, kusema kwamba ameacha 350,000 ni kumhesabia kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Pingamizi hili ni la kweli, lakini haliivunji nadharia. Linaisahihisha namba moja. Gharama ya fursa ni ya mtu huyu, mahali hapa, mwaka huu. Kama kazi pekee iliyo wazi kwake ingemlipa 150,000, basi kwa bei ya 1,400 ana ziada ya 200,000, na wengine wenye hali kama yake nao watavutwa kuingia. Bei itashuka kuelekea 1,200, na hapo wote watakuwa kwenye sifuri tena, ila sifuri ya chini. Mtu atakayepita atasema wanafanya biashara isiyolipa. Wanalipwa kadiri soko la kazi linalowazunguka linavyolipa, na umaskini wa malipo hayo unatoka huko, hautoki kwenye mashine. Ndiyo sababu kuwafundisha kutunza daftari, ingawa ni vyema, hakutawaongezea kipato kikubwa, wakati kiwanda kinachoajiri wilayani kinaweza kuinua bei ya kusaga hata kama hakisagi debe moja.

Mkopo usio na riba unabadilisha nini?

Tofauti hizi zinaacha kuwa za darasani mtu anapogawa fedha. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mashine ya kusaga ni mradi ambao kikundi huufikiria upesi kwa kuwa kila mtu anauelewa.

Kikundi cha kwanza kikipata milioni 12 bila riba, kinaondolewa gharama ya mtaji ya 120,000 kwa mwezi, angalau mwanzoni kabla rejesho halijapunguza deni. Kwa bei ya 1,400 hiyo yote ni ziada yake, na ofisa atauona mradi umefanikiwa. Vikipata vikundi vingine kadhaa katika kata ileile, mashine zinaongezeka, na bei inaweza kusukumwa hadi 1,280. Hapo ziada ya vikundi imekwisha. Imehamia kwa kaya zinazosaga, ambazo sasa zinalipa shilingi 120 pungufu kwa debe. Mama yetu mwenye akiba yake mwenyewe yuko chini ya sifuri, lakini juu ya 1,250, hivyo anaendelea hadi mashine ife, kisha hanunui nyingine.

Kupunguza gharama ya unga kwa kaya ni lengo halali, na kama ndilo lililokusudiwa, mikopo hiyo imelitimiza. Kama lililokusudiwa lilikuwa kuinua kipato cha wanakikundi, fedha zimefanya kazi nyingine, huku wanakikundi wakibaki na deni la kulipa kutoka kwenye biashara isiyo na ziada. Ofisa wa maendeleo ya jamii anayepitia maombi anaweza kuliona hili kabla fedha hazijatoka, kwa kuuliza mambo mawili ambayo andiko la mradi mara nyingi halina: mashine mpya ya mwisho kufungwa katika kata ilifungwa lini, na mashine ya mwisho kufa ilirudishiwa au haikurudishiwa.